Seti ya 4: Kutoka asilimia hadi fomula (Kemia, Kidato cha Tatu)

Masi za atomu za kutumia: H = 1, C = 12, N = 14, O = 16, Na = 23, Fe = 56. Mifano mitatu imefanywa hatua kwa hatua. Ifuate ukiwa na kalamu mkononi, kisha fanya maswali ya mwisho bila kuchungulia majibu.

Fomula ya kiempiriki huonyesha uwiano mdogo kabisa wa atomu kwa namba nzima. Fomula ya molekuli huonyesha idadi halisi ya atomu ndani ya molekuli moja. Asilimia peke yake hukufikisha kwenye ile ya kwanza tu. Ili upate ya pili, lazima upewe masi ya moli moja ya kampaundi.

Mfano 1. Hematiti, madini ya chuma, ina chuma 70.0% na oksijeni 30.0%. Tafuta fomula yake ya kiempiriki.

Chukua gramu 100 za madini. Asilimia zinageuka gramu papo hapo: Fe 70.0 g, O 30.0 g.

Moli za Fe: 70.0 ÷ 56 = 1.25
Moli za O: 30.0 ÷ 16 = 1.875

Gawanya zote kwa iliyo ndogo, yaani 1.25: Fe = 1, O = 1.5. Nusu ya atomu haipo, kwa hiyo zidisha zote mbili kwa 2. Jibu: Fe₂O₃.

Kwenye madaftari ya seti iliyopita nilikuta Fe₄O₃ mara kadhaa. Chanzo ni kimoja: mwanafunzi amegawanya oksijeni kwa 32, akifikiria gesi ya O₂. Hapa tunahesabu atomu, si molekuli za gesi. Ni 16, siku zote.

Mfano 2. Yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na ndiyo harufu ile unayoisikia zikianikwa mkekani Pemba. Ina C 73.17%, H 7.32% na O 19.51%. Masi ya moli moja ni 164 g. Tafuta fomula zote mbili.

C: 73.17 ÷ 12 = 6.098
H: 7.32 ÷ 1 = 7.32
O: 19.51 ÷ 16 = 1.219

Gawanya kwa 1.219:

C: 6.098 ÷ 1.219 = 5.00
H: 7.32 ÷ 1.219 = 6.00
O: 1

Fomula ya kiempiriki ni C₅H₆O. Masi yake: (5 × 12) + (6 × 1) + 16 = 82.

164 ÷ 82 = 2, basi kila namba izidishwe kwa 2: C₁₀H₁₂O₂.

Hakiki kwa kurudi nyuma: 120 ÷ 164 × 100 = 73.17%. Imekubali. Hesabu hii ya mwisho haimalizi hata dakika moja, na imeokoa alama nyingi kuliko mbinu nyingine yoyote niijuayo.

Mfano 3. Vitamini C: C 40.91%, H 4.55%, O 54.54%, masi ya moli moja 176 g.

C: 40.91 ÷ 12 = 3.409
H: 4.55 ÷ 1 = 4.55
O: 54.54 ÷ 16 = 3.409

Gawanya kwa 3.409: C = 1, H = 1.33, O = 1.

Simama hapa. Mkono utataka kuandika CHO, na huko ndiko wengi wanakopotelea. 1.33 si 1 iliyokosewa kidogo, ni 4/3. Ungepata 1.02 au 2.98, sawa, sogeza hadi namba nzima, kwa kuwa vipimo vya maabara havikosi kasoro ndogo. Lakini .33 na .67 huzidishwa kwa 3, .5 kwa 2, .25 na .75 kwa 4.

Zidisha kwa 3: C₃H₄O₃, masi 88. Na 176 ÷ 88 = 2. Fomula ya molekuli: C₆H₈O₆.

Maswali

1. Kafeini, iliyomo kwenye chai na kahawa: C 49.48%, H 5.15%, N 28.87%, O 16.49%. Masi ya moli moja 194 g. Tafuta fomula zote mbili.

2. Asidi ya siki na glukosi zote zina C 40.0%, H 6.67%, O 53.33%. Masi zake za moli moja ni 60 g na 180 g. Tafuta fomula ya molekuli ya kila moja.

3. Oksidi ya chuma yenye Fe 72.4% na O 27.6%. Tafuta fomula ya kiempiriki.

4. Fuwele za kabonati ya sodiamu zina Na₂CO₃ 37.06% na maji 62.94%. Tafuta x katika Na₂CO₃·xH₂O. (Gawanya kwa 106 na 18; hapa vipande vyenyewe ndivyo vinavyohesabiwa.)

Majibu

1. C₄H₅N₂O, C₈H₁₀N₄O₂
2. Kiempiriki zote CH₂O; siki C₂H₄O₂, glukosi C₆H₁₂O₆
3. Fe₃O₄
4. x = 10