Barua kwa wanafunzi wa Ikolojia ya Bahari: noti na mitihani kwa lugha mbili

Tanga, 10 Machi 2025

Ndugu wanafunzi,

Muhula huu somo letu litafundishwa na kupimwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Idara imekubali, nami nawaandikia mapema ili kila mmoja ajue atasomaje na atasahihishwaje.

Kilichonisukuma ni swali moja la mtihani. Niliuliza, kwa Kiingereza, kwa nini maji hujaa na kupwa kupita kiasi siku fulani za mwezi. Jina la Kiingereza la hali hiyo linafanana na jina la majira ya kuchipua kwa majani huko Ulaya, na wanafunzi wasiopungua saba wakaandika kwamba hutokea kati ya Machi na Mei. Mmoja wao amekulia Kigombe, kijiji cha wavuvi. Nilipomwita nikamwuliza bamvua ni nini, alinieleza mwezi mwandamo, mwezi mpevu, maji mafu yanayofuata, hata siku za kwenda kuokota pweza. Alikuwa anajua kuliko swali langu, na nilikuwa nimempa sifuri. Jambo hilo limeniuma mpaka leo.

Kwa hiyo noti zitakuwa na safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Msitarajie zilingane neno kwa neno. Palipo na neno la pwani linalobeba maana yote, kama bamvua, kusi au mkandaa, safu ya Kiswahili itakuwa fupi. Kwingine itakuwa ndefu, kwa sababu Kiswahili nacho kina mitego yake. Neno "jamii" tunalitumia kwa samaki wa spishi moja walio mahali pamoja, na pia kwa spishi nyingi zinazoishi pamoja. Katika ikolojia hayo ni mambo mawili tofauti. Kwenye noti zangu, spishi moja ni "kundi", spishi nyingi ni "jamii", na mtihani utafuata hivyo hivyo. Someni safu zote mbili. Anayesoma moja tu atapitwa.

Alama 40 ni za kazi za muhula: majaribio mawili ya alama 10 kila moja, ripoti ya ziara yetu ya pwani ya Sahare alama 15, na mazungumzo na wavuvi alama 5. Mtihani wa mwisho ni alama 60.

Katika majaribio na mtihani, kila swali litachapishwa kwa lugha zote mbili. Unachagua lugha swali kwa swali. La kwanza ukijibu kwa Kiswahili, la pili waweza kujibu kwa Kiingereza. Ndani ya jibu moja shika lugha moja, ila istilahi ukiikumbuka kwa lugha nyingine iandike tu, hutapunguziwa. Sitakata alama kwa sarufi wala tahajia maadamu maana inaeleweka. Ikitokea matoleo mawili ya swali yamepishana maana, kosa ni langu, na jibu sahihi kwa toleo lolote litapata alama zake zote.

Ripoti ina sharti zaidi. Mwili wake uandike kwa lugha uitakayo, lakini ukurasa mmoja wa muhtasari lazima uwe wa Kiingereza. Najua baadhi yenu hamtafurahi. Fikirieni samaki aina ya silikanti: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamenaswa kwa makumi katika maji haya ya Tanga, wengi kwenye jarife, na hifadhi yao ya bahari ikatangazwa 2009. Waliowavuta kutoka majini walisimulia kwa Kiswahili. Maandiko ya kisayansi juu yao karibu yote ni ya Kiingereza. Nataka mhitimu wangu aweze kumsikiliza mvuvi na kuandika andiko hilo yeye mwenyewe.

Mazungumzo na wavuvi yatakuwa kwa Kiswahili peke yake, dakika tano, na wao ndio watakaowauliza maswali. Wenzetu mliotoka nje ya nchi ambao Kiswahili bado kinawapa shida, njooni ofisini tupange mzungumze wawili wawili.

Sahare tutakwenda Jumatatu 14 Aprili, bamvua ya mwezi mpevu. Maji yatakuwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, hivyo saa mbili na nusu tuwe tumeshafika. Vaeni viatu vya kufunga, maana mizizi ya mikoko hukata miguu.

Kabla ya hapo, kufikia Ijumaa 21 Machi, kila mmoja aniletee maneno kumi ya bahari yanayotumika kwao, pamoja na maana zake. Waulizeni wazee, na kina mama wanaokwenda pwani maji yakipwa. Maneno hayo yataingia kwenye faharasa ya noti, na jina la kijiji yalikotoka litaandikwa kando yake.

Mwalimu wenu wa Ikolojia ya Bahari