Hotuba ya katibu wa tawi kabla ya kura ya mshahara, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Haki! (Yetu!) Haki! (Yetu!)

Asanteni, kaeni. Walio nyuma songeni mbele, viti bado viko. Shifti ya usiku nawaona mnasinzia, poleni. Mmetoka kwa mashine saa moja asubuhi na mkapita nyumbani pa kulala mkaja huku, kwa hivyo nitajaribu kutozunguka.

Mkataba wetu wa pamoja ulikwisha Juni 30, 2025. Tulienda mezani tukiomba asilimia 15, kampuni ikaanza na 3. Vikao tisa. Sisi tumeshuka hadi 10, wao wamepanda hadi 6, na wanasema hapo ndipo mwisho wa kamba. Asilimia 6 ya mshahara wa msingi, posho ya nyumba ipande kwa shilingi 400, kuanzia Novemba 1. Hicho ndicho mnachopigia kura leo.

Sasa toeni pesilipu zenu. Hapana, zitoeni kweli, niliwaambia mje nazo. Tuchukue mtu wa ngazi ya tatu, maana ndio wengi humu: msingi 24,000, nyumba 3,600, jumla 27,600. Ofa hii inamfikisha 29,440. Nyongeza ni shilingi 1,840. Ukiisikia hivyo ni hela. Lakini kabla haijafika kwa simu yako, NSSF inachukua asilimia 6 yake, SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kinachobaki, kwa sababu umeshavuka 24,000 za kutozwa kodi, kinakatwa robo na PAYE. Mweka hazina wetu amepiga hesabu hiyo mara tatu na mimi nikaipiga ya nne: unabaki na shilingi 1,238. Gawanya kwa siku 26 za kazi. Shilingi 47 kwa siku.

Sisi ndio tunaosaga unga, na arubaini na saba haikununulii pakiti moja ya unga unaoufunga kwa mikono yako.

Nilimwambia meneja hesabu hiyo kwenye kikao cha saba. Akachukua kikokotoo chake, akabonyeza, akabonyeza tena, akakiweka chini akasema serikali ndiyo inayokata, si yeye. Ni kweli. Sitamsingizia. Na sitawaambia kampuni inaogelea kwa pesa, kwa sababu mahindi tunayapokea sisi wenyewe langoni na tunajua bei yake inavyoruka. Lakini mwenye nyumba wa Pipeline haulizi nani amekata. Na mvua ikinyesha, makanga wa Kayole haulizi.

Halafu kuna miezi minne. Mkataba ulikwisha Juni, nyongeza inaanza Novemba. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba tumesaga bila mkataba mpya, na ofa haina hata senti ya malimbikizo. Kwa mtu wetu wa ngazi ya tatu hizo ni shilingi 7,360 kabla ya makato. Walichelewesha vikao wao, barua zote za kuahirisha ninazo kwenye faili hii, na bili ya kuchelewa inaletwa kwetu.

Pamoja na hayo yote, wenzangu, kama ingekuwa pesa peke yake, ningesimama hapa niseme tukubali. Nasema ukweli. Kilichoninyima usingizi kiko ukurasa wa sita, kifungu cha 14. Kinasema nafasi ya yeyote anayestaafu au kuacha kazi itajazwa kupitia ajenti, kwa kandarasi za miezi mitatu mitatu. Mistari miwili tu, imewekwa kati ya gumboti na sabuni.

Mnajua maana yake. Mwaka huu peke yake wanastaafu kumi na mmoja. Nafasi kumi na moja zinatoka kwenye chama. Baada ya mikataba miwili tutakuwa tunakaa mezani kuwatetea watu wachache kuliko walioko jukwaani hapa, na meneja hatahitaji hata kikokotoo.

Mimi niliingia kiwanda hiki 2004, kibarua wa kushona midomo ya magunia. Kila asubuhi tulipanga foleni langoni, msimamizi anaonyesha kidole: wewe, wewe, wewe, wengine rudini. Nilirudi Mukuru kwa miguu siku nyingi nikiwa na chakula changu kwenye mkebe, hakijafunguliwa. Miaka mitatu hivyo. Mwaka 2007 ikapitishwa Sheria ya Ajira, na kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kuisha kabla ya miezi mitatu, anageuka mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Chama kiliishika sheria hiyo kikaenda nayo ofisini, tukaandikwa kazi hamsini na watatu kwa siku moja. Wengine wako humu. Sasa mnielewe nikisoma neno ajenti mkono ukinitetemeka.

Kamati yenu ya majadiliano ina watu saba. Wanne tunasema mkatae. Watatu wanasema mkubali, na wako humu, na sitaki kusikia mtu akiwaita wasaliti. Hoja yao ni nzito: Januari inakuja na karo.

Kwa hivyo nawaambia gharama. Mkikataa, hatutoki nje Jumatatu. Katiba, ibara ya 41, inatupa haki ya kugoma, lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ina hatua zake: kwanza msuluhishi wa Wizara ya Leba, akishindwa tunatoa notisi ya maandishi ya siku saba, ndipo tunatoka. Mgomo wa namna hiyo hawaruhusiwi kukufukuza kwa ajili yake. Lakini siku usiyofanya kazi hawalazimiki kukulipa. Wiki mbili nje ni karibu shilingi 12,700 kwa mtu wa ngazi ya tatu. Mfuko wetu wa dharura una shilingi milioni 1.7. Tuko 312. Tukigawa 300 kwa mtu kwa siku, unaisha siku ya kumi na nane. Taarifa ya benki imebandikwa pale mlangoni, isomeni. Atakayetoka kabla ya notisi kwa sababu ya hasira, mimi sitaweza kumtetea kortini, na namwambia mapema.

Inawezekana pia wakarudi mezani wenyewe wakiona idadi ya kura. Imewahi kutokea. Siahidi.

Ukumbi huu mnaujua. Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama humu akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, mwezi uliofuata wakoloni wakamkamata, akazuiliwa hadi 1961. Sisi leo hatuombwi kiasi hicho. Tunaombwa tuweke alama kwenye karatasi.

Kura ni ya siri. NDIYO maana yake unakubali ofa nzima, pamoja na kifungu cha 14. Hakiwezi kuchomolewa, niliuliza. HAPANA maana yake turudi, na msuluhishi akiitwa aitwe. Mabango ya kampuni na ya chama yote yatoke kwenye kuta sasa hivi. Wasimamizi wa idara msikae karibu na vibanda, na mimi pia nitakaa nje, pale kwa mama wa chai.

Ghala na upakiaji meza ya kushoto. Mashine, maabara na madereva meza ya kulia. Mama wajawazito na shifti ya usiku mpitishwe kwanza, jamani, wakalale. Uje na kadi ya chama. Aliyeisahau aje na kitambulisho, jina lake liko kwenye daftari. Tunafunga saa nane, tunahesabu hapa hapa mbele ya macho yenu.

Karani, geuza sanduku hilo juu chini waone liko tupu. Na lile lingine. Haya, tia kufuli.