Usiku wa Bethlehemu: maneno ya msimulizi

Igizo la Krismasi, watoto wa Shule ya Jumapili. Mkesha wa tarehe 24 Desemba, saa 11 jioni. Msimulizi ni mtoto mmoja wa miaka 10.

*Msimulizi amevaa kanzu nyeupe. Anasimama ngazi ya kwanza, upande wa mimbari, na habanduki hapo hadi mwisho. Kipaza sauti kiwe kwenye stendi, vidole vinne kutoka mdomoni. Akikishika mkononi atakisogeza kila anapogeuka, na nusu ya maneno yatapotea. Beti zimebandikwa kwenye kadibodi, maana karatasi tupu hutetemeka na kuchakarisha. Kila mstari una pumzi moja katikati, penye mkato. Asianze kusoma kabla kwaya haijamaliza: ahesabu moja, mbili, tatu, ndipo afungue kinywa.*

Hodi hodi kanisani, baba zetu, mama zetu,
Tulieni mabenchini, sikieni kisa chetu,
Tunaanzia zamani, mbali na mitaa yetu,
Nazareti milimani, kuna binti mwenye utu.

*Mariamu anaingia na ufagio. Afagie kwanza mara tatu nne, ndipo msimulizi aendelee.*

Jina lake Mariamu, uani anafagia,
Fundi Yusufu karimu, posa amemletea,
Ghafula nuru timamu, mlangoni yaingia,
Kaja na kumsalimu, malaika wa Jalia.

Onyesho la 1: Gabrieli na Mariamu

*Kwenye neno "nuru", mwenye tochi nyuma ya nguzo anaiwasha. Amulike mlango, si macho ya Mariamu. Akipofuliwa na mwanga atasahau maneno yake. Onyesho likiisha Mariamu anapiga magoti, Gabrieli anaondoka, Yusufu analala kwenye mkeka upande wa pili.*

Mariamu kakubali, asema: Na iwe hivyo,
Yusufu kawa na swali, akaona mambo sivyo,
Usiku ndoto ya kweli, ikamwambia ilivyo,
Kamchukua halali, kuwa mke ipasavyo.

*Ngoma, mapigo matano. Tarishi anapita katikati ya kanisa na gombo la Kaisari Augusto. Msimulizi asubiri afike mbele, kwa sababu watu wote watakuwa wamegeuza shingo na hakuna atakayesikia.*

Kaisari kaamuru, raia kuhesabiwa,
Ni kitabu cha ushuru, kila jina litatiwa,
Yusufu hana uhuru, kwao mbali aitiwa,
Mwezi unawapa nuru, njia ngumu yatembewa.

*Yusufu na Mariamu wanazunguka kanisa lote mara moja, mwendo wa uchovu. Kwaya inavumisha bila maneno. Punda ni watoto wawili chini ya shuka la kijivu: wa nyuma amshike wa mbele kiunoni, la sivyo shuka litachomoka kwenye kona ya mabenchi. Wakifika ngazini, kwaya inanyamaza.*

Wamefika Bethlehemu, miguu imewavimba,
Nafasi kitu adimu, wageni wajaa chumba,
Yusufu hodi kwa zamu, kila mlango aomba,
Mke hali yake ngumu, miezi tisa ya mimba.

Onyesho la 2: Milango mitatu

*Hapa msimulizi ana kazi ndogo lakini ya maana: kila Yusufu anaposema "Hodi!", yeye anagonga mimbari kwa kipande cha mti, mara tatu. Wenye nyumba wawili wanakataa, wa tatu anaonyesha zizi kwa mkono. Hori limewekwa tangu asubuhi, na mwanasesere amefichwa chini ya nyasi. Mariamu anainama, anamfunua. Asimtoe kwa kumshika mguu.*

Wakapewa penye hori, zizi la mbuzi na ng'ombe,
Usiku ule wa heri, vikatulia viumbe,
Kajifungua vizuri, Mwana wa kwanza, tuimbe,
Vitambaa vi tayari, mama Mwana ampambe.

*Ubeti huu usomwe taratibu kuliko zote. Kwenye "tuimbe" watu wengine watadhani wimbo umeanza. Msimulizi asitishike, amalize mstari wa mwisho. Kisha kwaya inaimba wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, beti mbili tu. Taa za mbele zinazimwa.*

Kule mbali makondeni, wachungaji wamekaa,
Moto wao ni wa kuni, baridi imewavaa,
Mara kule mawinguni, nuru kubwa inang'aa,
Waanguka udongoni, vifua hofu yajaa.

Onyesho la 3: Malaika makondeni

*Taa zote zinawashwa kwa pamoja kwenye "inang'aa". Moto ni tochi chini ya karatasi nyekundu katikati ya kuni, kamwe si moto wa kweli: vilemba na nyasi viko karibu mno. Umeme ukikatika, msimulizi asogee hatua mbili mbele, aache kipaza sauti, asome kwa sauti ya uwanjani.*

Msiogope, kasema, furaha i duniani,
Mtoto kalazwa vyema, nendeni, yumo horini,
Wakaimba wima wima, jeshi lote la mbinguni,
Wachungaji nao hima, mbio mpaka mjini.

*Wachungaji wanakimbia kweli. Fimbo zishikwe wima, zisimgonge mtu wa benchi la pembeni. Wakifika mlango wa zizi wanasimama, wanavua kofia.*

Waingia polepole, pumzi zinawatoka,
Wamkuta Mwana yule, usingizi wamshika,
Wakasimulia yale, malaika katamka,
Mama moyoni, milele, maneno akayaweka.

*Wachungaji wanakaa chini kando ya hori na hawatoki tena. Wenye nyumba watatu wa onyesho la 2 ndio Mamajusi, nao wanabadili nguo sakristia. Mwalimu akiinua mkono mmoja mlangoni, wako tayari. Akiinua miwili, bado hawajavaa: msimulizi asome ubeti huu wa akiba, na kwaya ianze pambio.*

Wageni wetu watatu, njia yao ina vumbi,
Wavaa vyao viatu, ndio waivunja kambi,
Tuimbe pambio letu, hili kwenu ndilo ombi,
Kisha watafika kwetu, wakipukuta mavumbi.

*Mkono mmoja ukiinuliwa, ubeti wa akiba uachwe kabisa, hata kama msimulizi anaupenda.*

Mashariki kuna nyota, mamajusi waiona,
Safari wakaikata, usiku pia mchana,
Yerusalemu wapita, kwa Herode wakutana,
Twende wapi kumpata, tumsujudie Bwana?

Onyesho la 4: Kwa Herode

*Mstari wa mwisho usomwe kama swali, uso ukimgeukia Herode. Herode asijibu mpaka ainuke kitini.*

Herode kakasirika, moyoni kajaa hila,
Waandishi wakasaka, vitabu bila kulala,
Bethlehemu, katamka, nendeni kila mahala,
Mkimpata, haraka, mje kwangu, bila ila.

*Nyota imefungwa kwenye uzi wa kuvulia samaki uliopita juu ya boriti. Mvutaji avute kidogo kidogo. Uzi ukivutwa kwa nguvu nyota huzunguka na kuonyesha mgongo usio na karatasi ya kung'aa. Msimulizi asubiri isimame juu ya hori.*

Nyota yao kasimama, juu ya paa la nyumba,
Walipomwona na mama, magoti chini, waomba,
Dhahabu iliyo njema, wa pili ana uvumba,
Manemane nayo nyuma, harufu yajaza chumba.

Onyesho la 5: Zawadi

*Zawadi zinawekwa moja moja, kila moja kwenye neno lake: msimulizi apumzike baada ya "njema", baada ya "uvumba" na baada ya "nyuma". Chetezo kiwe kitupu. Baada ya zawadi, Mamajusi wanalala walipo, Yusufu pia.*

Wakaonywa kwenye ndoto, Herode wasimwendee,
Yusufu kapata wito, Misri akimbilie,
Njia ndefu, giza zito, usiku wajiendee,
Punda, mama, na Mtoto, Mungu mwema awalee.

*Mamajusi wanatokea mlango wa pembeni, familia inapita katikati hadi mlango mkubwa. Ukifungwa, waigizaji wote wanarudi mbele: wafupi mstari wa kwanza, malaika nyuma kwa ajili ya mabawa yao.*

Hapa ndipo wetu mwisho, wenzangu, pangeni mbele,
Asante mama kwa jasho, la kushona nguo zile,
Ibada ipo na kesho, saa tatu ni kengele,
Tumemaliza onyesho, pigeni vigelegele!

*Msimulizi anashuka ngazi, anaingia katikati ya mstari wa kwanza kati ya Mariamu na Yusufu, wote wanainama mara moja. Kwaya inaanza wimbo wa kutokea.*