Yah: Nakubali nafasi ya Afisa Mizigo ya Transiti, na ninaulizia tarehe ya kuanza

Bi. Rehema,

Habari za kazi. Barua yenu ya ajira niliipokea jana jioni. Nimeisoma yote, pamoja na rasimu ya mkataba, na jibu langu ni ndiyo: naikubali nafasi hii kwa moyo wote, kwa mshahara wa shilingi 1,850,000 kwa mwezi kabla ya makato na kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, kama mlivyoandika. Nakala niliyosaini nimeiambatisha. Nawashukuru sana wewe na meneja wa shughuli kwa kuniamini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha nitakayoongea na madereva, mawakala na maafisa wa forodha kila siku. Kama ujuavyo, mimi ni msemaji wa Kirundi, na shule nilisoma kwa Kifaransa. Ukiona mahali nimekosea adabu ya uandishi, tafadhali nisahihishe bila kusita.

Swali langu linahusu kifungu cha 3, kinachosema nitaanza kazi “tarehe 3 Agosti, au kibali kitakapotoka”. Nimekirudia mara nyingi na bado naona kinaweza kueleweka kwa namna mbili. Je, 3 Agosti ndiyo siku ya kuripoti na kampuni inatarajia kibali kiwe kimeshapatikana? Au siku yangu ya kwanza itategemea kibali, hata kikitoka Septemba? Kwangu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mkataba wangu wa sasa Bujumbura unanidai notisi ya mwezi mmoja, na nisingependa kuacha kazi hiyo kabla kibali cha kazi na kile cha ukaazi havijawa mkononi. Mwajiri wangu amenitendea wema miaka yote. Nataka kumwachia faili za wateja zikiwa zimekaa sawa. Nanyi pia nisingependa kuwaingiza matatani kwa kukaa mezani nikiwa na pasi ya mgeni tu.

Naomba kupendekeza hivi. Siku mtakayonijulisha kuwa vibali vimetoka, natoa notisi siku hiyohiyo, kisha naripoti Jumatatu ya kwanza baada ya wiki tano: nne za notisi na moja ya kuhama. Kwa hesabu hiyo 3 Agosti haitawezekana, maana leo ni 30 Juni na maombi bado hayajapelekwa. Lakini kama kuna kazi inayonisubiri tarehe hiyo, niambie wazi. Nitazungumza na mwajiri wangu kuona kama anaweza kuniruhusu mapema, ingawa siwezi kuahidi kwa niaba yake.

Kwa kuwa maombi ya kibali cha kazi yanapelekwa na kampuni, nami sitaki kuwa sababu ya kuyachelewesha. Picha za pasipoti na wasifu wangu nimeviambatisha hapa. Vyeti vyangu vyote viko kwa Kifaransa. Je, mna mfasiri mnayemtumia, au nitafute mwenyewe? Na vitafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza? Niko Dar hadi Ijumaa asubuhi, kwa shangazi yangu, Mtoni kwa Aziz Ali. Nikijua mapema naweza kuja ofisini Alhamisi na vyeti halisi mvione, na tusaini mkataba ana kwa ana kabla sijapanda basi la kurudi.

Jambo lingine dogo, ila lina gharama. Kwenye usaili meneja alisema kwamba sehemu ya mizigo ya Burundi itashughulikiwa bandari kavu ya Kwala. Je, kituo changu kitakuwa Kwala au ofisi ya mjini? Wenye nyumba hapa wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na nikilipia chumba Temeke kisha nikapangwa Kwala, fedha hiyo hairudi. Kama ni Kwala, nitatafuta upande wa Mlandizi au Kibaha.

Mambo mengine ya mkataba sina shaka nayo. Nimefanya kazi na nyaraka za Dar kwa muda mrefu nikiwa upande wa pili wa njia, nikimweleza mteja aliyekwisha kulipa kila kitu kwa nini kontena lake bado limekwama bandarini. Nafurahi sana kwamba sasa nitakuwa upande ambako naweza kulisukuma litoke, na wateja wa Bujumbura na Lubumbashi watapata mtu wa kuongea naye Kifaransa moja kwa moja.

Nasubiri jibu lako, hasa kuhusu kifungu cha 3 na miadi ya Alhamisi. Simu yangu iko wazi hadi saa tatu usiku.

Wako katika kazi,

Claudine

Viambatisho: barua ya ajira iliyosainiwa, wasifu, picha za pasipoti, nakala za vyeti