Mbao Mbichi

Fundi aliinua ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukatoa mlio mzito, butu. Akaurudisha.

“Hatuchukui.”

“Lakini fundi, zimenyooka vizuri!” akasema kijana wake.

“Zimenyooka leo. Shika hapa. Unausikia ubaridi? Hayo ni maji. Yakitoka, ubao unasinyaa upana, urefu haupungui sana, na hausinyai sawasawa. Ndiyo maana unapinda. Ncha hukauka kwanza, zikapasuka. Unakumbuka ule mlango uliolegea maungio?”

Kijana aliinamisha kichwa. Gundi ya mlango ule aliipaka yeye, na kwa uangalifu.

“Kosa halikuwa lako. Nilinunua mbao kama hizi kwa haraka. Kabati la ndani linataka mbao zenye unyevu wa asilimia 12 au chini.”

Mwenye mbao akaahidi kupunguza bei. Fundi akakunja futi yake.