Mizani yako tutaipima palepale ilipo

Mwaka jana tulirekebisha mizani ya jukwaa ya tani moja katika karakana yetu hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Ilisoma sawasawa, tukaifunga vizuri, ikapanda lori kwenda ghala la kahawa Mombasa. Siku chache baadaye mteja akapiga simu: "Mbona mawe ya kilo 1,000 yanasoma 1,000 na nusu?"

Sisi tukailaumu barabara. Tukadhani mizani imetikiswa njiani, tukamtuma fundi na mawe yetu. Mizani ilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa letu.

Mizani ya kidijitali haipimi kilo moja kwa moja. Inapima nguvu ambayo mzigo unakandamiza kihisi kilicho chini ya jukwaa, halafu inaigeuza kuwa kilo. Nguvu hiyo hutokana na mvutano wa dunia, na mvutano huo haulingani kila mahali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa mzigo uleule hukandamiza kidogo zaidi ya nusu gramu pungufu kwa kila kilo kuliko pwani. Kwa gunia la kahawa la kilo 60 hiyo ni gramu 30 hivi. Utaona ni kidogo, mpaka uhesabu magunia ya kontena zima. (Mizani ya zamani ya mkono, yenye mawe upande wa pili, haina shida hii: mvutano ukipungua, unapungua pande zote mbili.)

Tulirudia kazi ile bila malipo. Tangu hapo hakuna mizani iliyotoka karakana yetu kwenda mji mwingine na cheti mkononi.

Sasa tumenunua mawe ya kilo 20, hamsini kwa idadi, pamoja na gari la kuyabeba. Kuanzia Jumatatu tunafanya kalibresheni kwenye sakafu ya mteja, mahali mizani itakapofanyia kazi. Nairobi, Kiambu na Machakos hatutozi usafiri. Kwingineko tunakubaliana kabla ya kuwasha gari. Viwanda visivyoweza kusimamisha kazi katikati ya wiki, tutakuja Jumamosi.

Jambo moja tunaulizwa kila wiki: cheti chetu si muhuri wa Serikali. Mizani inayotumika kuuzia au kununulia lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa Vipimo na Mizani, chini ya Sura ya 513 ya Sheria za Kenya. Sisi tunahakikisha wakifika wanakuta mizani inayosema kweli.

Kama mizani yako iliwahi kuhamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, au ilitoka ng'ambo ikawashwa bila kupimwa upya hapa, tuandikie kwa ujumbe wa ukurasa huu. Tutajie uwezo wake, mahali ilipo sasa na mahali ilipopimwa mara ya mwisho. Bei utaipata siku hiyohiyo.

#Mizani #Viwanda #Kahawa #Nairobi