Taarifa kwa Wanachama Wote: Kustaafu kwa Mwenyekiti Wetu kwa Sababu ya Afya

Ndugu wanachama,

Kwa masikitiko na kwa heshima kubwa, Bodi inawaarifu kwamba Mwenyekiti wetu, aliyeuongoza ushirika huu wa akiba na mikopo kwa miaka 14, ameandika barua ya kustaafu kwa sababu ya afya yake, na Bodi imeiridhia katika kikao cha dharura kilichofanyika juzi. Wengi wenu mmeona jinsi alivyokuwa akihudhuria vikao kwa taabu tangu mwanzo wa mwaka. Madaktari wamemshauri aache kabisa majukumu haya ili apate matibabu na mapumziko. Undani wa maradhi yake ni siri yake na ya familia yake, nasi tunawaomba muiheshimu.

Alipokabidhiwa uongozi, hesabu zetu zilikuwa hazijakaguliwa kwa miaka miwili na wanachama walikuwa wakiondoa akiba zao kwa hofu. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wanachama wote, na kwamba hakuna kikao kitakachofungwa kabla ya kila swali kujibiwa, hata jua likizama. Mwanachama akichelewesha marejesho, Mwenyekiti alimfuata nyumbani, akaketi naye na kupanga upya ratiba ya kulipa kabla wadhamini hawajaguswa. Nami niliyefuatana naye mara kadhaa sikumsikia hata siku moja akimwaibisha mtu. Yeye mwenyewe aliomba mkopo mara moja tu, akasubiri zamu yake, na Kamati ya Mikopo ilipoujadili alitoka nje ya chumba. Mwenyekiti, tunakushukuru kwa dhati.

Kwa mujibu wa masharti ya ushirika, mimi Makamu Mwenyekiti nitakaimu nafasi hiyo kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, hadi Mkutano Mkuu utakaoitishwa ndani ya siku 90 utakapomchagua Mwenyekiti mpya. Makabidhiano ya hati, mihuri na orodha ya mali yatafanyika kwa maandishi, yakishuhudiwa na Kamati ya Usimamizi. Hisa, akiba na masharti ya mikopo yenu hayabadiliki, na mikopo iliyokwisha kuidhinishwa itatolewa. Ila benki inapobadilisha watia saini, malipo ya hundi huenda yakachelewa kwa siku chache, nasi tunaomba radhi mapema.

Wanaotaka kumjulia hali wawasiliane kwanza na Katibu, kwa kuwa mgonjwa huchoka haraka na familia imeomba wageni wasizidi wawili kwa siku. Salamu za maandishi zinaweza kuachwa ofisini, nasi tutazifikisha. Yeye mwenyewe ameomba jambo moja tu: apelekewe nakala ya hesabu zitakazosomwa kwenye Mkutano Mkuu, na Bodi imeahidi kufanya hivyo.

Makamu Mwenyekiti,
kwa niaba ya Bodi